Moshi Mmoja, Dira Mbili: Namna ya Kupata Mahali pa Moto Katika Ramani

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya walinzi wa msitu, wakulima na vijana wa vijiji vilivyo mpakani mwa msitu.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo moja tu. Mtu akiona moshi unapanda mbali msituni, awezaje kujua moshi ule watoka mahali gani hasa katika ramani, hali yeye mwenyewe hajafika huko? Jibu lake ni fupi: ni lazima utazamwe na watu wawili waliosimama mahali pawili panapojulikana, kila mmoja na dira yake. Lakini ndani ya jibu hilo fupi mna mtego, nami nitajitahidi kuwaonyesha mtego huo kabla haujamnasa mtu.

Fikirini kwanza juu ya nchi iliyo upande wa mashariki wa milima ya Nyandarua, yaani Nyeri na Murang'a. Nchi ile ni ya migongo na mabonde. Mito kama Chania, Gura, Mathioya na Maragua hushuka kutoka milimani, na katikati ya mito hiyo na vijito vyake imesimama migongo mirefu yenye mbavu za mteremko mkali. Mtu aliye juu ya mgongo mmoja aweza kumwita mwenziwe aliye juu ya mgongo wa pili na sauti ikasikika. Walakini akitaka kumfikia kwa miguu, yampasa ateremke bondeni, avuke maji, kisha apande tena. Msituni, mahali pasipo na njia, safari hiyo yaweza kula nusu ya siku.

Basi katika miezi ya ukavu, Januari hadi Machi, mtu aona moshi. Apiga simu aseme, "Moto uko upande wa kaskazini, juu ya kilima kile." Watu ishirini washika mapanga na majembe, wapanda, na baada ya saa nne wafika juu ya mgongo. Hapo ndipo waonapo kwamba moto uko mgongo wa pili, ng'ambo ya bonde, na jua limekwisha kugeuka. Aliyepiga simu hakusema uwongo. Moshi ulikuwa upande ule kweli. Alichokosa kuwaambia ni umbali wake, na macho ya mtu mmoja hayawezi kupima umbali wa moshi.

Labda mtu ataniuliza, "Je, simu za siku hizi hazituonyeshi mahali?" Ni kweli, simu nyingi hupokea habari za setilaiti na kumwambia mtu yeye mwenyewe yupo wapi. Lakini hazimwambii ule moshi auonao kwa mbali uko wapi. Ziko pia setilaiti zinazotambua joto la moto kutoka angani, nazo hutusaidia sana. Lakini nyingi kati ya hizo hupita juu yetu mara chache tu kwa siku, tena wingu zito laweza kuzizuia zisione. Moto mdogo ulioanza asubuhi huonwa kwanza na mchungaji aliye kilimani. Kwa hiyo yafaa mchungaji yule ajue la kufanya.

Vyombo vinavyotakiwa ni vichache. Kila mlinzi awe na dira. Yule wa tatu, aliye ofisini au nyumbani kwa mzee wa kijiji, awe na ramani, rula, kipimapembe na penseli yenye ncha kali. Tena wote watatu wawe na njia ya kusemezana, na kwa hayo simu ya mkono yatosha.

Uso wa dira umegawanyika katika sehemu 360, ziitwazo digrii. Kaskazini ndiyo sifuri, na hesabu huzunguka kama mikono ya saa: mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270, kisha hurudi kaskazini. Mlinzi akiulekeza mstari wa dira kwenye kitu, akasoma hesabu, hesabu hiyo ndiyo tutakayoiita mwelekeo wa kitu kile. Badala ya kusema "upande ule," asema "mwelekeo wangu ni 22." Na "upande ule" wa mtu mmoja waweza kuchukua robo nzima ya mbingu, lakini digrii 22 ni mstari mmoja mwembamba.

Sasa natufanye hesabu kamili kwa mfano nilioutunga ili tarakimu ziwe nyepesi. Ramani yetu ni ile ambayo sentimita 2 zake ni kilometa moja ya ardhi, nayo imepigwa mistari ya miraba, kila mraba ukiwa kilometa moja kwa kilometa moja. Mahali hutajwa kwa tarakimu sita. Tatu za kwanza hueleza umbali wa kwenda mashariki, na tatu za mwisho umbali wa kwenda kaskazini. Katika kila tatu, tarakimu mbili za kwanza ni jina la mstari wa mraba, na ya tatu ni sehemu ya kumi ya mraba ule.

Mlinzi wa kwanza amesimama penye nguzo ya wapima ardhi juu ya kilima, mahali 200400. Mlinzi wa pili amesimama uwanjani mwa shule, mahali 280420. Ndiyo kusema kwamba wa pili yuko kilometa 8 mashariki ya wa kwanza, na kilometa 2 kaskazini. Mahali hapa pawili pamekwisha kutiwa alama katika ramani kwa nukta ndogo, tena kwa uangalifu, maana kosa lolote la nukta hizi litahamia katika jibu.

Saa nne asubuhi moshi waonekana. Mlinzi wa kwanza asoma dira yake: 22. Mlinzi wa pili asoma ya kwake: 323. Wote wawili wampigia mwenye ramani.

Mwenye ramani hawezi kupiga mistari bado. Sindano ya dira haielekei kaskazini ya ramani sawasawa, bali hufuata sumaku ya dunia, na sumaku hiyo imepotoka kidogo. Upotofu huo si sawa kila nchi, tena hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa bahati, hapa kwetu ni mdogo. Karibu na Nairobi siku hizi hauzidi kama digrii moja au mbili, ilhali ziko nchi nyingine ambako hupita digrii 15. Pembeni mwa ramani huandikwa upotofu ulikuwa kiasi gani katika mwaka fulani, na ramani ikiwa ya zamani yafaa kutafuta hesabu mpya kabla ya kuitumia.

Katika mfano wetu, tuseme sindano imepotoka digrii moja upande wa mashariki. Kanuni yake ni hii: upotofu ukiwa wa mashariki, ongeza, ukiwa wa magharibi, punguza. Basi 22 yawa 23, na 323 yawa 324.

Sasa mwenye ramani aweka katikati ya kipimapembe juu ya nukta ya mlinzi wa kwanza, na sifuri yake aielekeza juu ya ramani, sawasawa na mistari ya miraba iendayo kaskazini. Atia alama penye 23, apiga mstari mrefu kutoka nukta ile kupita alama ile. Mstari huo wakwenda kaskazini na kuinama kidogo mashariki, nao wakata mgongo mmoja, na bonde, na mgongo wa pili, na wa tatu. Moto uko juu ya mstari huo, lakini hajui ni mgongo upi.

Kisha ahamia nukta ya mlinzi wa pili, na kufanya vile vile kwa 324. Mstari huu wakwenda kaskazini ukiinama magharibi. Mistari miwili yakatana mahali pamoja. Mwenye ramani asoma miraba: 235482. Kwa rula apima kutoka nukta ya kwanza hadi makutano, apata sentimita 17.8, yaani karibu kilometa 9. Kutoka nukta ya pili apata sentimita 15.3, yaani kilometa 7 na theluthi mbili. Sasa aweza kutazama ramani na kujua ni mgongo upi, maji ya karibu ni mto gani, na njia gani huishia karibu na hapo. Watu ishirini wapelekwa mgongo ulio sawa.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kijana aliyemaliza shule ya msingi aweza kuifanya kwa dakika tano. Nisingewapotezea wakati wenu kama mambo yangeishia hapo. Sasa nisikilizeni vema, maana hapa ndipo ulipo mtego.

Mistari miwili hukatana hata ikiwa na makosa. Mlinzi mmoja akikosea, mistari haitapiga kelele. Itakutana vizuri tu mahali pengine, na penseli itatia alama safi juu ya mgongo usio na moto. Watu huyaona makutano yale wakayasadiki kwa kuwa yanapendeza macho. Lakini makutano ya mistari miwili si shahidi wa ukweli wake. Shahidi hutafutwa kwa njia nyingine.

Natuone kosa lenyewe. Tuseme kwamba mlinzi wa pili, kwa kukwepa jua, alisimama karibu na ukuta wa shule iliyoezekwa kwa mabati. Chuma cha mabati kiliivuta sindano yake, naye akasoma 328 badala ya 323. Tofauti ni digrii 5 tu, naye hakuona ajabu yoyote, kwa maana sindano ilitulia kama desturi yake. Mwenye ramani akaongeza moja, akapiga mstari wa 329. Makutano sasa yamekuja mahali 238490. Mkipima, mtaona yamesogea zaidi ya mita 800 kutoka penye moto, tena yamesogea kwa kuufuata mstari wa mlinzi wa kwanza kwenda kaskazini. Katika nchi ya migongo, mita 800 huweza kuwa bonde zima.

Dawa ya kosa hili ni rahisi, nayo ndiyo jambo ninalowaombeni mkalikumbuke kuliko yote. Kabla ya kuusoma moshi, kila mlinzi amsome mwenziwe. Mahali pa walinzi wote wawili panajulikana katika ramani, kwa hiyo mwelekeo wa kutoka mmoja hadi mwingine wajulikana kabla ya siku ya moto. Katika mfano wetu, mstari wa kutoka kilimani hadi shuleni ni 76 katika ramani, yaani 75 katika dira. Mstari wa kutoka shuleni hadi kilimani ni kinyume chake: ongezeni 180, mpate 256 katika ramani, yaani 255 katika dira. Hesabu hizi ziandikwe kwenye karatasi, na kila mlinzi awe nayo mfukoni.

Sasa mlinzi wa shuleni alekeza dira yake kwenye nguzo ya kilimani. Yapasa asome 255. Asoma 260. Papo hapo ajua kwamba mahali aliposimama pana chuma kinachomdanganya kwa digrii 5. Ahame, aende katikati ya uwanja, ajaribu tena mpaka aone 255. Hapo ndipo ausome moshi.

Na kama hana nafasi ya kuhama, bado si kazi bure. Chuma kilichosimama ardhini, kama ukuta ule, huipotosha sindano kiasi kile kile kokote mlinzi atakakoelekea, maadamu hakuhama mahali pake. Basi 328 yake aipunguze 5, ibaki 323, nayo ndiyo kweli. Lakini mjihadhari na chuma kinachochukuliwa mwilini: panga kiunoni, simu mfukoni, miwani yenye fremu ya chuma. Chuma hicho hugeuka pamoja na mtu, na upotofu wake hubadilika kila anapogeuka, hata hapana hesabu ya kuusahihisha. Kipo kipimo kilichozoeleka jeshini: dira iwe mbali na nyaya kubwa za umeme kama mita 55, mbali na lori kama mita 18, na mbali na seng'enge kama mita 10. Hata mawe mengine ya milima ya moto yana madini ya chuma ndani yake, kwa hiyo kilima kisicho na nyumba wala waya chaweza pia kumdanganya mtu. Kumsoma mwenzio kutakuonyesha.

Neno la pili la kuangalia ni pembe ambayo mistari hukatana. Hata mlinzi hodari mwenye dira njema hukosea digrii moja. Katika umbali wa kilometa 8, digrii moja ni kama mita 140 ubavuni. Kosa hilo halizuiliki. Lakini ukubwa wa madhara yake watokana na pembe ya makutano. Mistari ikikatana kama msalaba ulionyoka, yaani digrii 90, kosa lile la mita 140 hubaki mita 140. Ikikatana kwa digrii 30, makutano huhama kama mita 280. Ikikatana kwa digrii 10 tu, huhama mita 800. Mwaweza kuona jambo hili kwa kuweka vijiti viwili mezani. Vipishane kama msalaba, kisha kimoja kisogezwe kidogo, na mahali pa kukutana pahama kidogo. Vilazwe karibu karibu kama mapande ya mkasi uliokaribia kufungwa, kisha kimoja kisogezwe vile vile, na mahali pa kukutana hukimbia mbali.

Kwa sababu hiyo, walinzi wawili wasikae karibu mno. Wakisimama juu ya kilima kimoja, hata wakiwa hodari namna gani, mistari yao itakuwa kama mapande ya mkasi. Wala moshi usiwe juu ya mstari mmoja na walinzi wote wawili, kwa maana hapo hakuna makutano ya kufaa hata kidogo. Katika mfano wetu walinzi wamepishana kilometa 8 na robo, na mistari yao imekatana kwa digrii 59. Hiyo ni pembe njema. Pembe ikiwa chini ya digrii 30, au zaidi ya 150, mwenye ramani aandike jibu kwa shaka, na atafute mlinzi mwingine.

Neno la tatu ni moshi wenyewe. Lazima walinzi wote wawili wasome moshi mmoja, sehemu moja, na wakati mmoja. Upepo ukivuma, kichwa cha moshi huinama na kutambaa, na mtu akisoma kile kichwa atakuwa amesoma upepo. Wasome shina la moshi, pale chini linapotokea. Shina likiwa nyuma ya mgongo, wasome ukingo ule ambao upepo unatokea, pale moshi unapoanza. Tena waambiane kwa simu rangi ya moshi na umbo lake kabla ya kusoma, maana katika miezi ya ukavu yaweza kuwapo mioshi miwili: mmoja wa msituni na mwingine wa mtu achomaye makaa au kusafisha shamba. Mlinzi wa kwanza akisoma moshi huu na wa pili ule, mistari yao itakutana mahali ambapo hapana moshi wowote.

Sasa niseme juu ya mlinzi wa tatu. Akiwapo, tutapata shahidi mwingine. Tuseme mwanamke mmoja mkulima amesimama kwenye kituo cha kununulia chai, mahali 300490, naye asoma mwelekeo ambao ukisahihishwa ni 263. Mstari wake wakwenda magharibi ukishuka kidogo kusini. Kama wote watatu wamesoma sawa, mistari yao mitatu itapita mahali pale pale, 235482, au itaacha katikati yake pembetatu ndogo sana. Pembetatu ndogo ni habari njema: moto umo ndani yake au kando yake kidogo. Lakini mlinzi wa shuleni akiwa amedanganywa na mabati, mstari wake utapita kando, na pembetatu itakuwa na mbavu za karibu mita 800. Pembetatu kubwa hiyo yasema wazi kwamba mmoja amekosea. Haisemi ni nani. Hapo mwenye ramani asikisie, wala asichague katikati ya pembetatu kama mtu agawaye hasara. Awapigie simu wote watatu, na kila mmoja amsome tena jirani yake. Mwenye hesabu isiyopatana na karatasi yake ndiye mwenye kosa.

Tena iko njia ya kuondoa taabu ya sumaku kabisa kwa mahali pa ulinzi pa kudumu. Katika milima ya magharibi ya Amerika, tangu miaka ya 1910, walinzi wa misitu walitumia chombo chenye meza ya duara, ramani katikati, digrii 360 ukingoni, na tundu la kutazamia. Chombo hicho hakitegemei sindano. Sisi twaweza kufanya kilicho karibu nacho kwa ubao. Chimbieni nguzo imara ya mti, mpigilie juu yake ubao uliolala sawa, na juu ya ubao mchore duara kubwa lenye digrii zote. Katikati mtie msumari mdogo, na juu ya msumari mweke rula nyembamba yenye kuzunguka, ikiwa na pini mbili za kutazamia.

Kabla ya kuukaza ubao, wekeni rula penye mwelekeo wa ramani wa mlinzi mwenzenu. Kwa ubao wa kilimani, ni 76. Kisha zungusheni ubao mzima mpaka pini zote mbili na shule ya mwenzenu ziwe katika mstari mmoja, ndipo muukaze. Toka siku hiyo kila usomwacho juu ya ubao ule ni mwelekeo wa ramani wenyewe. Hapana cha kuongeza wala kupunguza, na lori likiegeshwa kando yake haliudhuru. Lakini kila mwezi mwutazame tena kwa kumlenga mwenzenu, maana mbuzi hujikuna penye nguzo, na mvua huilegeza ardhi.

Mwisho, mwenye ramani akiisha kupata makutano, na aitazame nchi yenyewe katika ramani kabla ya kutuma watu. Mistari ya miinuko itamwonyesha kama mahali pale ni juu ya mgongo, ubavuni, au bondeni. Kama makutano yameangukia ziwani, au katikati ya mashamba ya chai mahali watu wanapofanya kazi na hakuna aliyeona moto, basi ramani yenyewe yakataa jibu. Kama yameangukia bondeni kwa kina, nao walinzi wanasema wanaliona shina la moshi waziwazi, aulize: je, kutoka walipo waweza kuona ndani ya bonde lile, au kuna mgongo unaozuia? Jibu lisilopatana na nchi lisipelekewe watu.

Tena awaambie wanaokwenda kwamba jibu lake lina upana. Kwa walinzi wetu wawili, kila mmoja akiwa amekosea digrii moja, moto waweza kuwa mita 150 hadi 300 kutoka penye alama, upande wowote. Kwa hiyo wakifika mahali 235482 wasishangae wakikosa kuuona. Wasimame, wanuse upepo, wapande mahali palipo wazi, nao watauona karibu.

Basi, mabwana na mabibi, nayakusanya hayo machache. Mstari mmoja huwapa upande, wala hauwapi mahali. Mistari miwili huwapa mahali, lakini haiwahakikishii kwamba ndipo. Uhakika hutoka katika kumsoma jirani yako kabla ya kuusoma moshi. Kila kituo cha ulinzi na kiandike leo, kabla ya ukavu kuja, tarakimu zake sita na mwelekeo wa kwenda kwa kila jirani yake. Karatasi hiyo ikiwa mfukoni, mlinzi ataweza kuijaribu dira yake kwa muda usiozidi kuvuta pumzi mara tano.

Mwenye swali na asogee hapa mezani. Ramani imekunjuliwa, penseli zimechongwa, na mwenye kutaka kujaribu mfano wetu kwa mkono wake aanze na nukta mbili: 200400 na 280420.